Namba Nne Kwenye Karatasi

Karatasi ile niliiandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu, nikaibandika juu ya swichi ya ukumbi tunamosali hapa Iringa. Moja: funga pazia za upande wa mashariki, jua lisifute maandishi. Mbili: unganisha waya, ndipo uwashe projekta. Tatu: onyesha ubeti mmoja, ukakae benchi la mwisho uone kama unasomeka. Nne: ukitumia simu badala ya kompyuta, iweke hali ya ndege. Tano: ukimaliza, usichomoe projekta mpaka feni yake inyamaze.

Namba nne niliiongeza baada ya ujumbe wa mchumba wa mwenzangu wa zamu kutokea kwenye skrini katikati ya wimbo wa toba. Nilimsema mwenzangu huyo mbele za watu, na nilimsema vibaya, hata akaacha zamu. Mkuki kwa nguruwe.

Jumapili ninayoikumbuka, kompyuta ya ukumbi ilikuwa kwa fundi, nikaunganisha simu yangu. Nilifuata yote, ila namba nne niliiruka kwa makusudi. Mama alikuwa amelazwa Mbeya siku ya tisa, dada yangu akimuuguza, na sikuweza kuizima njia pekee ya kupata habari zake. Baba, mzee wa kanisa, alikuwa benchi la mbele.

Ubeti wa pili, maneno yakashuka juu ya wimbo: "Kaka, mama ametutoka. Baba asijue mpaka wazee wamfikie."

Sauti zilikatika moja moja. Nilichomoa waya, lakini baba alikuwa ameshavaa miwani. Hakulia. Alikaa, akafunga kitabu chake, akamwomba mchungaji aendelee na ibada. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Kwetu habari ya msiba haipigwi usoni mwa mtu. Wazee huja, husalimia, huuliza ya nyumbani, ndipo husema. Mchana ule walikuja watatu, wakasimama mlangoni bila kujua waanzie wapi, kwa kuwa hapakuwa na asiyejua. Baba akawakaribisha viti.

"Niambieni kama inavyotakiwa," alisema.

Wakasalimia. Wakauliza ya nyumbani, akajibu. Mkubwa wao akamwambia mkewe amefariki, na hapo ndipo baba alipolia, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Nililia naye, nikijua nilikuwa nimemnyang'anya nini.

Baada ya mazishi nilimpigia magoti kuomba radhi. Akauliza kama ile karatasi bado ipo ukutani. Nikasema ipo.

"Basi ongeza," alisema. "Mwenye mgonjwa asishike mashine. Akae na sisi."

Niliiandika kanuni hiyo juu kabisa, kabla ya ile ya pazia. Kisha nikaenda kwa yule mwenzangu niliyemsema, nikamwomba arudi zamu.