Roboti Lisilo na Mkwe

Werema alikuwa fundi pikipiki pale Bomani, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko msumeno. Mteja aliyeleta pikipiki bila oili alitolewa uvivu mbele za watu. Ndiyo maana kamati ya usafi ya mtaa ilimpa ukatibu: kila Jumamosi nyumba moja izibue mtaro wa barabarani, na Werema aikumbushe nyumba hiyo katika kundi lao la Telegram. Alikumbusha kweli, tena kwa kejeli. Nyumba moja tu ilimshinda, na mtaa mzima uliijua.

Ilikuwa nyumba ya Bhoke Magige, mama mzazi wa mkewe. Mwanaume wa Kikurya aliyelelewa vizuri hamtaji mama mkwe kwa jina, na kumwamrisha ndiyo kabisa. Zamu ya Bhoke ikifika, katibu hodari alinyamaza kama maji ya mtungini. Mtaro ukajaa tope, mvua ikaingia dukani kwa mwenyekiti, na mwenyekiti akasema wazi kikaoni: ukiziba tena, kamati itatafuta katibu asiye na wakwe. Watu walicheka. Werema hakucheka, maana ukatibu aliupenda, hata kama alijifanya ni mzigo.

Akakimbilia kwa Mwalimu Bupe, mgeni kutoka Mbeya ambaye ndiye aliyelifungua kundi. Bupe alimwambia aachane na kuandika kila wiki, waliingize kundini roboti la kukumbusha. Likishapewa maneno, siku na saa, litayatuma lenyewe, kwa jina lake lenyewe. Kwanza akaliwekea saa za Dar es Salaam, maana lilikuja na saa za kimataifa, na kumbusho la asubuhi lingechelewa kwa saa tatu. Kisha akamweleza Werema kazi: nyumba ni nne, kwa hiyo ni makumbusho manne, kila moja lirudi baada ya wiki nne, na kila moja lianze Jumamosi yake.

"Amri uziandike humo humo kundini," alisema Bupe, "ili makumbusho nayo yatoke humo. Roboti likishakubali, futa ulichoandika. Kumbusho litabaki."

Werema alirudi gereji akiwa na furaha ya mtu aliyepata mtumwa wa bure. Roboti halijaoa, halina mkwe, limtaje yeyote. Akaandika amri ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ikawa hivi: Bhoke Magige, ni zamu yako, toka na jembe. Roboti likakubali. Naye alipotaka kufuta, mteja akaleta pikipiki inayovuja petroli, Werema akaiweka simu kando.

Alipoirudia, amri ilikuwa bado pale, na juu yake jina la aliyeiandika: Werema. Akafuta haraka, haikubaki hata alama. Lakini Winfrida, mkewe, alikuwa mlangoni na simu yake mkononi.

"Umemtaja mama," alisema. "Na jembe juu."

Kwa aibu, wiki zilizofuata Werema alipita njia ya nyuma ili asikutane na Bhoke. Mtaa ulisubiri Jumamosi yake kuliko unavyosubiri mechi.

Ikafika. Saa kumi na mbili asubuhi roboti likamtaja mama mkwe kwa jina lake lote, bila hofu. Kabla ya chai mtaro ulikuwa unapitisha maji, na picha ya mtaro huo ikaingia kundini. Chini yake Bhoke alikuwa ameandika, akilijibu roboti:

"Wewe mashine, nimetoka na jembe kama ulivyosema. Sasa nyumba zenye mtaro ni tano, wewe unazitaja nne. Mwulize aliyekufundisha jina langu, lake hakulijua?"

Kundi zima likaangua vicheko vya vikaragosi vya manjano. Werema akahesabu kwa vidole. Kweli, katika kugawa zamu hakuwahi kujiweka, na mtaro wa gereji yake ulikuwa umeota majani. Alitamani kujibu, lakini kumjibu mama mkwe mbele za watu, aanzie wapi? Akaona njia moja tu. Akaandika amri ya mara moja, itoke baada ya dakika tano, na safari hii akaifuta palepale kabla hajashika spana.

Roboti likasema: "Shikamoo mama. Wa tano ameonekana. Jumamosi ijayo ni zamu ya Werema, na anaomba radhi."

Bhoke akajibu kabla ya wengine.

"Marahaba. Mwambie mkwe wangu majembe yapo kwangu. Aje kuchukua, apite mlango wa mbele."