Mkufu Uliopigwa Picha

Jumamosi, tarehe tatu Agosti, nilimpoteza mke wangu. Siku ya arobaini, kilio kilipokwisha kuondolewa, ndugu zake walikuja kutoka mtaa wa Panda, hapa hapa Likasi, kuchukua vitu vyake, kama desturi inavyotaka. Waliongozwa na shangazi yake, mama anayeomba kwa muda mrefu na kula kwa muda mrefu zaidi.

Walichukua vitenge, masufuria na redio. Niliomba kitu kimoja tu: mkufu aliovaa shingoni tangu siku nilipompa, miaka kumi na tisa nyuma.

"Kama iko zahabu, iko ya famiye, ya siye ndugu," shangazi alisema. "Kama iko fantezi, kitu ya bule, bakia nayo. Weye njo ulinunua. Iko nini?"

"Muuzaji aliniambia iko zahabu, mama. Na miye nikamwambia bibi yangu vile. Zaidi ya pale sijue."

Ndivyo nilivyojikuta pabaya. Ili mkufu ubaki kwangu, ilibidi niwe nimemdanganya mke wangu miaka yote ile. Nikamwomba Mungu iwe kweli nilimdanganya.

Kaka yake shangazi, aliyestaafu kiwandani, aliunusa. "Ile ni shaba. Nilifanya na shaba miaka makumi tatu, siwezi kosa harufu yake."

"Hata soksi zako ziko na ile harufu," shangazi alimjibu.

Mpwa wa marehemu alikuwa na namba ya sonara mmoja wa Lubumbashi. Wakakubaliana kumtumia picha. Lakini shangazi alisema hawezi kutuma kitu cha marehemu kikiwa na uchafu. Akaketi uani na limau na majivu, akausugua mkufu kama tunavyosugua sufuria kabla ya sikukuu. Ukang'aa. Wakaupiga picha juu ya sahani nyeupe.

Jibu la sonara lilikuja kwa sauti. "Mama, hii inang'aa kama jua. Kwa picha hata kijiko inang'aa. Onyesheni kifungo ya mukufu, karibu kabisa."

Simu ya mpwa ni ile inayolainisha nyuso, kwa hiyo ililainisha na kifungo pia. Mara ya nne tukasoma namba iliyogongwa juu yake: 750. Mpwa akasema hiyo ndiyo karati kumi na nane. Shangazi akaanza wimbo wa shukrani.

"Mungojee kwanza," sonara akasema, safari hii amepiga simu mwenyewe. "Namba iko sawa, kifungo pia kimetengenezwa muzuri, kinabana. Lakini chapa, kila mutu anaweza gonga. Tena ile ni chapa ya kifungo, si ya mukufu. Kifungo inabadilishwa. Angalieni pete za mwisho za mukufu, pale zinasuguana. Kama ni ya kupakwa zahabu juu, pale njo rangi inaisha kwanza. Kuko kijani?"

Wote tukamtazama shangazi.

"Hakuna kijani," alisema. "Kulikuwa uchafu."

"Uchafu ya rangi gani, mama?"

Shangazi akasema mtandao ni mbaya.

"Kulikuwa kijani kidogo," mimi nikasema. "Niliona kila siku."

"Weye unataka kubakia nayo," kaka yake akanicheka.

"Ndiyo, nataka. Lakini kulikuwa kijani."

Sonara akakohoa. Alisema hata hiyo haitoshi, maana dhahabu ya karati ndogo ina shaba ndani na inaweza kubadilika rangi. "Picha inaweza fanya nikatae kitu. Haiwezi fanya niape. Leteni."

Jumatatu tulipanda basi kwenda Lubumbashi, mimi na shangazi, mkufu ukiwa ndani ya leso ndani ya Biblia yake. Sonara alisugua kifungo juu ya jiwe jeusi, akadondosha asidi. Mstari wa manjano ulibaki, ndiyo alama ya dhahabu. Shangazi alinipa pole, kwa furaha. Kisha sonara akakwaruza pete ya mkufu kwa tupa, ngozi ya juu ikatoka, akasugua pale. Asidi ilichemka kijani na mstari ukatoweka.

"Kifungo ni zahabu," alisema. "Mukufu ni shaba ya manjano yenye kupakwa. Kuna mutu alibadilisha kifungo."

Nilikumbuka mwaka mmoja mke wangu alikwenda Lubumbashi kwa sababu kifungo kilivunjika. Aliyekitengeneza lazima aliona mkufu ni wa aina gani. Kama alimwambia, sijui. Mke wangu hakusema kitu aliporudi, alivaa tu.

Shangazi alifikiri sana. "Basi kifungo iko ya famiye."

Sonara akakikata kwa koleo dogo. Shangazi alikifunga ndani ya leso, kitu kidogo kuliko punje ya mchele, na akakishika mkononi hadi Likasi. Mimi nilimwomba sonara uzi. Alinipa mweusi. Niliunganisha ncha mbili za mkufu kwa mafundo matatu, nikauvaa, na shangazi akanisaidia kuingiza ncha ya uzi ndani ya kola ya shati.