Mzigo wa Mama Yeremia

Bibiana, Mama Flora kwa wateja wake, alikuwa fundi cherehani Newala tangu enzi za kupangia foleni kitambaa. Mabasi ya watu binafsi yalipoongezeka na vitenge vikajaa madukani, wateja wake walisambaa hadi Tandahimba na Masasi, naye akajifunza kutuma mizigo. Alifunga nguo kwenye gunia, akaandika jina kwa wino mzito, akalipia kwenye ofisi ya basi. Nakala moja ya risiti ilibaki kitabuni, moja ilisafiri na kondakta, na ya kwake aliitia kwenye barua kwenda kwa mpokeaji. Jina aliliandika kwa heshima, kama wenzake wote: Mama Fulani. Kumwita mzazi wa watu kwa jina lake tupu kulikuwa kama kumvua kanga sokoni.

Ndivyo magauni sita yalivyopotea. Yalikuwa ya harusi ya binti wa Agatha, mama yake Yeremia, wa Lisekese mjini Masasi, na kitambaa alikinunua Agatha mwenyewe. Gunia liliandikwa “Mama Yeremia, Masasi”. Lilifika siku ileile, lakini barua yenye risiti ilikawia siku nne. Agatha alipofika ofisini, risiti mkononi, mzigo ulikuwa umeshachukuliwa. Akapiga simu posta ya Newala, na Bibiana akaitwa.

“Bibiana, harusi ni Jumamosi hii. Nguo zisipoonekana, nitasema mbele ya kanisa lote kwamba umekula kitambaa changu.”

Jumatatu Bibiana alishuka Masasi. Karani wa mizigo, Cecil, alimfungulia kitabu cha makabidhiano bila kumtazama.

“Mama Flora, umeandika Mama Yeremia. Amekuja Mama Yeremia, amesaini. Kosa langu lipi?”

“Risiti alikuonyesha?”

“Alisema ameisahau nyumbani. Watu wanasahau kila siku.”

“Na ukija mzigo mwingine wa Mama Yeremia?”

“Akija akasaini, anachukua. Mimi si polisi.”

Bibiana aliinamia ile saini. Herufi ya Y ilikuwa na mkia mrefu uliojikunja. Mkia ule aliufundisha yeye, juu ya meza yake ya kukatia, kwa mwanafunzi wake wa zamani, Dominika. Dominika sasa alikuwa na meza ya nguo sokoni Masasi, na mtoto wake wa kwanza pia aliitwa Yeremia. Kila asubuhi alipita mbele ya ubao wa ofisi, ambako majina ya waliofikiwa na mizigo yaliandikwa kwa chaki.

Bibiana hakumtaja. Saini si ushahidi kwa mtu asiyetaka kuona. Alipanda basi la jioni.

Nyumbani alikuwa na kopo la mafuta ya maganda ya korosho, ya kupakia nguzo dhidi ya mchwa. Alivaa mifuko ya nailoni mikononi, akayapaka katikati ya mikunjo ya kitenge kipya, akakifunga nailoni mbili, kisha gunia, asije akaungua mbeba mizigo asiye na hatia. Juu akaandika polepole, kwa mwandiko mzuri kuliko siku zote: Mama Yeremia, Masasi. Jumanne mzigo ukaondoka. Risiti aliitia kifuani.

Alhamisi alirudi Masasi, akamchukua Agatha, na Cecil na kitabu chake.

“Kuna nini tena, mama?”

“Twende ukaone uliyemkabidhi.”

Dominika alikuwa ameketi nyuma ya meza yake, mikono yote miwili ndani ya kanga. Mteja aliuliza bei, akajibiwa kwa kidevu.

“Shikamoo, mwalimu,” alisema Dominika.

“Marahaba. Nipimie kitenge mita mbili.”

“Leo sijisikii vizuri.”

“Mwanangu, hata kunipa mkono huwezi?”

Agatha alivuta kanga. Mikono ilikuwa imevimba, malengelenge kwenye vidole, ngozi imeiva nyeusi kama mtu aliyebangua korosho mbichi msimu mzima.

“Msimu umeisha miezi mitatu sasa,” alisema Bibiana. “Umebangua za nani?”

Wauza nyanya walianza kucheka. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Cecil alitazama kitabu chake, kisha ile mikono, akalifuta jasho la shingo.

“Nguo anazo Mama Yeremia, nyumbani,” alisema Dominika kwa sauti ndogo. “Magauni yote. Sijauza hata moja.”

“Nani anazo?”

“Mimi. Ninazo mimi, mwalimu.”

Karani ndiye aliyetumwa kuyaleta, naye aliyabeba kichwani kupita katikati ya soko. Agatha aliyahesabu, akatia saini, mara hii kwa jina lake la ubatizo, herufi kwa herufi.

“Mwalimu,” Dominika aliita, “kinaondolewa na nini kitu hiki?”

Bibiana alitoa kichupa cha mafuta ya nazi, dawa ya wabanguaji, akakiweka juu ya meza, mbali kidogo kuliko mikono ile ilivyoweza kufika.

“Kinatoka chenyewe,” alisema, “baada ya harusi.”