Sifuri ya Bi Awa

"Elfu nane?" Bi Awa aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Samaki wa mwezi mzima, elfu nane?"

Arlete, karani wa benki pale Palma, alimgeuzia cheki aione. Kwenye kisanduku cha tarakimu paliandikwa 8.000.

Bi Awa hakusoma Kireno, lakini sifuri alizijua. Alinyakua kalamu ya kaunta aongeze moja.

"Usiguse, mama!" Arlete aliifunika cheki kwa kiganja. "Ukichora hata nukta, imeharibika, siilipi tena. Mstari huu wa maneno umesema metikali elfu themanini. Tarakimu zikigombana na maneno, sheria inafuata maneno."

Bi Awa alipiga makofi, akacheka mpaka foleni nzima ikageuka. Aliyakumbuka maneno yale! Kila anapolipwa samaki wake na jiko la kambi ya gesi ya Afungi, humsimamia Dércio, karani wa malipo, amtajie kwa sauti kila neno anapoliandika. Dércio hukereka. Safari hii alimaliza maneno, akajaza tarakimu haraka haraka ili amwondoe mlangoni.

Arlete alikagua sahihi, akaangalia salio, akahesabu elfu themanini.

Kabla hajatoka nje, Bi Awa alishampigia Dércio simu.

"Samahani sana, mama," Dércio alibabaika. "Rudi nikuandikie nyingine."

"Nyingine ya nini? Hii nimeshalipwa! Utaandika ya mwezi ujao, mwanangu, na nitasimama palepale, mpaka sifuri ya mwisho."