Hamza Isiyo ya Kidole Changu

Ndugu zangu wameniomba nisiandike habari hii, eti marehemu hasemwi. Nawajibu kwamba marehemu huyu, baba yangu, mwenyewe alisema, tena kwa mashine ya chapa, na aliyoyasema yalinikaa kooni mwaka mzima. Basi na mimi niseme kidogo.

Baba alitoka Punjab akiwa kijana, akafika Gisenyi, akafungua duka la vitambaa kwenye barabara ya kwenda mpakani. Mama alikuwa mtoto wa Waswahili wa mjini, wa hapahapa. Nyumbani tulisema Kiswahili chetu na Kinyarwanda, na Kiurdu kilikuwa cha barua tu. Waislamu wa Kihindi wa Goma na Bukavu walimjua baba kwa kitu kimoja, taipureta ya Kiurdu aliyoagiza kutoka kwao. Ilikaa nyuma ya duka, juu ya kasha la chai, imefunikwa kanga ya mama. Hakuna mwingine aliyekuwa nayo ng'ambo zote mbili za mpaka, wala baba hakuacha mtu asahau.

Nilipofika miaka kumi na nne macho yake yalianza kuingiwa na ukungu. Ulikuwa mtoto wa jicho, ingawa hatukujua. Alikuwa akiinamia karatasi mpaka pua inagusa utepe wa wino. Siku moja akaniita, akanikalisha kitini kwake, akasema, "We iko na macho ya paka. Jifunze."

Nilijifunza haraka, na siombi radhi kwa kujisifu. Herufi za Kiarabu nilikuwa nazo tangu chuo cha Kurani. Zilizonitoa jasho ni zile herufi ziitwazo ye. Waarabu wana ye yao moja, lakini Kiurdu kina mbili: ye ndogo, wanayoiita choti ye, na ye kubwa, bari ye. Katikati ya neno hazina tofauti, zote ni jino dogo lenye nukta mbili chini. Tofauti iko mwishoni. Neno likiishia kwa sauti ya i unapiga ye ndogo, ی, iliyojikunja chini. Likiishia kwa e unapiga ye kubwa, ے, inayolala na kurudisha mkia wake kulia. Na mwisho wa neno katika Kiurdu ndipo panapokaa mwanamume na mwanamke. Beti, بیٹی, ni binti. Bete, بیٹے, ni mtoto wa kiume, akiwa anafuatwa na neno kama "kwa" au "wa", au ni watoto wa kiume wengi. Ukikosea kitufe kimoja umebadilisha mtoto.

Halafu hamza, ile alama ndogo inayokaa juu ya herufi. Juu ya hamza mimi na baba tuligombana kila wiki, ugomvi wa kucheka. Mwaka ule alikuja shekhe mgeni kutoka Multan, akakaa kwetu miezi mitatu, akatufundisha sisi watoto kusoma. Yeye alinipa kanuni ambayo sijaisahau. Neno gae, yaani walienda, lina a kabla ya e, kwa hiyo jino la kati linavaa hamza kichwani: گئے. Neno liye, yaani kwa ajili ya, lina i, na i inataka ye yenyewe, jino lenye nukta mbili chini: لیے. Usiiwekee hamza. Baba hakusikia la shekhe wala la mwadhini. Tangu utoto wake kule kwao aliandika liye kwa hamza, kama walivyoandika wengi, na angekufa nayo.

"Shekhe yako anafundisha watoto," alikuwa akisema. "Mi niliandikia wakubwa."

"Wakubwa nao wanakosea, baba."

Alicheka, akaniacha nipige ninavyotaka. Kwa hiyo barua zilizotoka dukani kwetu zilikuwa za aina mbili. Za zamani zilikuwa na hamza juu ya liye, na tangu nilipokaa kitini hazikuwa nayo.

Sasa nije kwenye barua yenyewe. Kaka mkubwa wa baba, ambaye mimi nilimwita baba mkubwa, alikaa katika mji wa Usumbura. Alileta habari kwamba kuna shule huko inayopokea watoto wa Kiislamu wa Kihindi, kwamba nafasi ni chache, na kwamba yeye anaweza kupata moja kwa mtoto mmoja wa nyumba yetu. Tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume aliyenifuata kwa mwaka mmoja. Mdogo wangu alipenda ziwa na mpira. Kitabu kilikuwa kinamuumiza kichwa kweli, hakujifanya. Mimi nilitaka kuwa mwalimu. Nilikuwa nimemwambia baba, na baba alikuwa amesema ndiyo.

Baba akanitajia maneno, nikapiga. Ilikuwa barua fupi, salamu, afya, mvua, kisha ombi: ikiwa nafasi itapatikana kwa binti yangu, tafadhali nijulishe. Meri beti ke liye, kwa ajili ya binti yangu. Katika maneno hayo manne kuna ye mbili ndogo na ye mbili kubwa, kila moja mwisho wa neno lake, na nilizipiga polepole nikiwa nimebana pumzi, maana binti aliyetajwa alikuwa mimi. Hakuna kitenzi kilichomhusu mtoto, na nalitaja hili kwa sababu katika Kiurdu kitenzi nacho kingesema kama ni wa kike au wa kiume. Jinsia yangu yote ilikaa juu ya mikia miwili, wa meri na wa beti. Nilimsomea baba, akatia sahihi, akasema ataitia bahasha mwenyewe kesho.

Baada ya mwezi jibu lilikuja kwa mkono wa dereva wa lori. Barua za baba nilizisoma mimi, kwa hiyo hii pia niliisoma mimi, kwa sauti, asubuhi, baba akinywa chai, mama akikunja vitenge vya kupeleka soko la Mahoko. Baba mkubwa aliandika kwa kalamu, kwa mwandiko wa kuteremka, na ye zake kubwa zilifagia chini ya mstari mzima. Nikasoma salamu. Nikasoma kwamba nafasi imepatikana, jina limeshaandikishwa. Kisha jicho likaona kabla ya mdomo: tumhare bete ke liye. Kwa ajili ya mwanao wa kiume.

Nikaurudia mstari kwa macho. Baba akauliza, "Iko nini?" Nikamwambia.

Aliweka kikombe. "Bon, haya," akasema. "Na we uliandika nini?"

"Niliandika beti, baba."

"Kidole yako ilikosa. Ulipiga ye kubwa. Zote mbili."

"Tuangalie nakala ya kaboni."

"Nakala nilichana. Ilikuwa na wino mubaya."

Nilimwomba tuandike tena, tueleze. Akasema haiwezekani, jina limeshaingia, na ni aibu kumwambia kaka mkubwa kwamba nyumba yenye mashine ya Kiurdu haijui ye zake. Mdogo wangu akaondoka na lori wiki iliyofuata, amevaa viatu vipya, analia. Hakutaka kwenda, maskini.

Mimi nilibaki na kosa langu. Wasomaji wangu, mniamini, kosa ni mzigo mbaya kuliko uonevu. Mtu akikuonea unamchukia, umemaliza. Mimi nilikichukia kidole changu. Nilipiga beti na bete kwenye karatasi za kufungia sukari, mara mia, kutafuta pale mkono unapoteleza. Haukuteleza, lakini nilisema labda siku ile ulikuwa na wasiwasi. Mama alinikuta nikifanya hivyo akanipapasa kichwa. "Mwanangu, wacha. Kila mutu anakosaka." Nilimpenda sana kwa maneno yale.

Idi ya mwaka uliofuata baba mkubwa alikuja kutembea. Alikuwa mtu wa mizaha, tumbo mbele. Tulipomaliza kula akanitafuta. "Iko wapi karani? Nataka barua ya kupeleka Karachi, iandikwe safi kama ile ya mwaka jana. Mimi niliitunza." Akaitoa kwenye mfuko wa koti, imekunjwa mara nne, akanipa.

Niliifungua polepole, kwa kuwa nilikuwa nakwenda kuliona kosa langu kwa macho yangu. Nililiona. Mere bete, ye kubwa na ye kubwa. Nikaendelea, ke, kisha liye.

Liye ilikuwa na hamza.

Niliangalia juu, kwenye salamu, nikaona tena liye, na tena hamza. Tangu shekhe alipoondoka sikuwa nimeweka hamza juu ya neno lile hata mara moja, wala usingizini. Barua ile sikuipiga mimi. Baba aliichana yangu, akakaa na macho yake mabovu, akapiga upya ukurasa mzima, kitufe kwa kitufe, ili abadilishe ye mbili. Na alikuwa na mazoea ya miaka arobaini mkononi, hayakumwacha.

Nilimwandikia baba mkubwa barua yake ya Karachi. Sijui nilivyoiandika. Alipokwenda msikitini na wengine, nilimzuia baba nyuma ya duka, nikamshikisha karatasi, nikasema, "Hamza hii ni ya nani?"

Aliileta karibu na pua. Hakujitetea, hilo nampa. Alikaa juu ya gunia, akavua kofia.

"Mutoto ule hajue ye moja na ingine," akasema. "Angebaki hapa, angenisaidia nini? We ndiyo macho yangu. Kama ungeenda, nani angeniandikia?"

Alisema kama mtu anayetoa sifa. Nikatazama mlangoni, mama alikuwa amesimama pale na sinia, hakuuliza tunagombania nini. Ndipo nikajua kwamba na yeye alijua, tangu siku ile aliponipapasa kichwa.

"Na mbona ulisema nilikosea mimi?"

"Ungekubali kubaki?"

Nikatoka nje kwa hasira. Jibu nimelibeba mpaka leo nilipo mzee, na baba hayupo wa kumpa. Ningekubali. Ningelia siku mbili tatu, ningevunja sahani, kisha ningekubali, kwa sababu alikuwa baba yangu na alikuwa anapofuka. Angeniomba tu. Alipata nguvu ya kupiga barua nzima kwa macho yale, hakupata ya kuniomba.

Kesho yake wateja wa barua walikuja kutoka Goma. Baba akaniita kwa jina, sauti ya chini. Nikaenda, nikakaa, nikatia karatasi kwenye mashine.