Maboksi Kumi ya Tailizi

Bi Zuena Matano ni karani wa duka la vifaa vya ujenzi pale Ipogolo, ambako mimi ni muuzaji. Aliajiriwa na marehemu baba yake Nasri. Siku hizi duka ni la Nasri, na meza ya Bi Zuena haijahama.

Jumanne moja lori la msambazaji lilileta maboksi sitini ya tailizi kutoka Dar es Salaam. Bi Zuena hakumruhusu dereva aondoke mpaka yalipokaguliwa yote. Kumi yalikuwa na tailizi zilizopasuka. Akayapiga picha, akaandika idadi kwenye hati ya mzigo, dereva akasaini.

Nasri alikuwa ameshaketi kwenye kompyuta. Aliandika: "Nyie ni matapeli. Mmetuletea vipande. Tutaonana mahakamani!" Kisha akamwita Bi Zuena amwangalizie herufi.

"Herufi ziko sawa, mwanangu," alisema. "Ila huyu akimaliza kusoma hatajua unataka afanye nini."

"Anajua walichofanya!"

"Anayesoma siye aliyepakia."

Nasri akampisha kiti. Bi Zuena akafuta, akaandika taratibu:

"Ndugu Meneja Mauzo,

YAH: TAILIZI ZILIZOPASUKA, ODA NAMBA 418

Tarehe 12 Machi tumepokea maboksi sitini. Kumi yalifika yakiwa na tailizi zilizopasuka. Tumeambatisha picha pamoja na hati iliyosainiwa na dereva wenu. Maboksi hayo hatuyakubali. Tunaomba mtuletee mengine kumi, ya toleo lile lile ili rangi isitofautiane, kwa gharama yenu, kabla ya Ijumaa tarehe 22. Fundi wa mteja wetu anayasubiri. Tafadhali tujibuni kwa maandishi kufikia kesho. Tunathamini ushirikiano wenu."

Nasri alisoma akiwa amesimama nyuma yake. "Mbona kumi? Mabovu ni kumi na moja."

"La kumi na moja kaliangusha kibarua wetu Brayson wakati wa kuingiza stoo. Hilo ni letu."

"Nani atajua?"

"Mimi najua. Na tukiongopa kwa boksi moja, hata haya kumi watayatilia shaka."

Nasri akainama, akabonyeza kutuma yeye mwenyewe.

Asubuhi yake jibu likaja kutoka kwa meneja, Ruwaida. Aliomba radhi, akaahidi mzigo kwa lori la Alhamisi ya wiki inayofuata, akaomba yaliyopasuka yatunzwe dereva ayarudishe. Nasri alilisoma kwa sauti, mara mbili.

"Bi Zuena, mimi nisingeweza kuandika vile nikiwa na hasira."

"Hata mimi nilikuwa na hasira," alimjibu. "Soma tena pale nilipoandika hatuyakubali."

Nimefanya naye kazi miaka sita, na sijawahi kumsikia akipandisha sauti kwa mtu. Alhamisi ile maboksi kumi yalishushwa yakiwa mazima, rangi ileile, na jioni fundi alikuja kuyachukua na bajaji.