Nyumba ya Mayu Ilivyopandishwa Bei

Mimi ni dalali wa mnada, na sauti yangu mume wangu huilalamikia kila siku. "Punguza, mama, hapa ni nyumbani." Kazi ndiyo imenizoesha hivyo. Nimeuza matrekta, ng'ombe na mashine za kusaga bila hata kikohozi. Lakini nyumba ya mama mmoja wa hapa hapa Bariadi ilinitoa jasho.

Wote tulimwita mayu, yaani mama. Alikuwa mjane aliyekopa benki anunue mashine ya kukoboa mpunga, akaweka nyumba yake rehani. Mvua ikagoma, mpunga ukakosekana, mashine ikakaa tu. Benki ilimpa notisi ya kushindwa kulipa, siku zake zikaisha, ikaja notisi ya kuuza, nayo ikaisha. Gari la matangazo lilipita mitaani wiki mbili. Kila kitu kilifuata sheria, na moyo wangu ulikuwa mzito vilevile.

Asubuhi ya mnada nikamsalimia, "Mwangaluka, mayu." Akaitikia vizuri tu, akaniletea kigoda. Mimi naja kuuza nyumba yake, yeye ananipa pa kukaa! Nilitamani ardhi inimeze.

Watu walijaa uani. Jumuiya yake yote ya kanisani ilikuwepo, na majirani, na jirani yake mmoja mwenye bucha. Nikafurahi, nikasema leo bei itapanda. Nikafungua mnada. Kimya. Mfanyabiashara mmoja wa Maswa akataja bei ya kuchekesha, kama ananunua banda la kuku. Nikapaza sauti, "Nani anaongeza?" Watu wakatazama viatu vyao.

Nikamvuta pembeni mwenyekiti wa jumuiya. "Kulikoni?" Akaninong'oneza kwa fahari kabisa kwamba walikubaliana ibadani: hakuna atakayenunua machozi ya mwenzao. Walidhani watu wakinyamaza, nyumba itabaki kwa mayu.

Jamani! Upendo wa namna ile nao unaua.

Afisa wa benki, kijana mpole, akaniita. "Dada, mwangushie nyundo huyo wa Maswa. Deni linalipika hapo hapo, tumalize. Hata ikiwa chini ya bei ya kianzio, naweza kuomba kibali."

Hasira zikanipanda. "Benki haiuzi ili deni lake tu liishe, mdogo wangu! Ni wajibu wenu kutafuta bei nzuri kuliko zote inayopatikana leo, na kinachozidi deni na gharama ni cha mayu. Nyumba kama hii mtaani unajua inauzwaje. Bei ikiporomoka robo nzima chini ya bei hizo za mtaani, sheria inaanza kwa kudhani hamkutimiza wajibu, na mayu anaweza kwenda kuomba mauzo yafutwe. Unataka hiyo kesi?" Akasema basi, nisigonge kwanza.

Nikamwendea mayu, nikapiga magoti mbele yake, maana hakuna namna nyingine ya kumwambia mzazi jambo kama lile. Nikamweleza kwamba nyumba itauzwa tu, leo au siku nyingine, ila majirani wakinyamaza ataondoka mikono mitupu. Wakishindana, atabaki na cha kujengea kibanda kwenye shamba lake la Sapiwi.

Akainuka, akajifunga kanga vizuri, akasimama katikati ya ua wake.

"Wanangu," akasema, "mnanipenda, nimeona. Sasa ninunulieni. Msingi huu ni wa mawe. Bati hazijawahi kuvuja. Kisima kile hakikauki hata kiangazi. Msiiache nyumba yangu iende kama kitu cha kuokota."

Wanawake wakaanza kulia. Mimi pia, na nyundo ya mnada mkononi, aibu gani ile! Mwenye bucha akainua mkono, kichwa chini. Kila mtu alijua amekitamani kiwanja kile tangu zamani. Wa Maswa akaongeza. Mwenye bucha akaongeza. Kutoka nyuma mwalimu mmoja naye akaingia, na sauti yangu ikarudi. Bei ikavuka kianzio, ikaendelea kupanda hadi wa Maswa akatikisa kichwa, mwalimu naye akaketi. Nikagonga mara ya tatu. Mwenye bucha akalipa robo ya bei papo hapo, nyingine akaahidi kuimaliza ndani ya siku zilizowekwa.

Alipokwenda kwa mayu hakuweza kumtazama. "Nisamehe, mama," akasema, machozi yakimtoka mwanaume mzima.

Mayu akamshika mkono, akampeleka nyuma ya nyumba. Nikawafuata.

"Mlango huu wa jikoni," akamwambia, "mvua ikinyesha unakwama. Usiupige teke. Usukume kwa bega, taratibu, utafunguka."